Kubadilisha krediti za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa matumizi ya Ulaya na Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo waombaji wa shahada za uzamili na wanafunzi wanaohama vyuo huyarudia kila msimu wa udahili. Yamepangwa kuanzia misingi hadi kwenye hali zisizo za kawaida. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi; msomaji anaelekezwa kwenye swali lenye jibu hilo.

## Misingi

1. Krediti inapima nini hasa?

Krediti inapima wingi wa kazi ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuifanya ili kumaliza kozi. Haipimi ugumu wa kozi wala ubora wa ufaulu. Aliyepata A na aliyepata C katika kozi moja wana krediti zilezile, na hata aliyefaulu kwa sapu anazipata zote, ilimradi amefaulu. Alama zina utaratibu wake (tazama swali la 13).

2. Saa za darasani na saa za kujifunza zinatofautiana vipi?

Saa za darasani ni zile zinazoonekana kwenye ratiba: mihadhara, semina, maabara. Saa za kujifunza ni jumla ya hizo pamoja na muda ambao haumo kwenye ratiba, yaani kusoma maktabani, kuandika kazi za nyumbani, kujiandaa kwa mtihani na kuufanya.

Tofauti hii ndiyo chanzo cha mkanganyiko mwingi katika ukanda wetu. Tanzania, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na Rwanda vilevile, huhesabu saa zote za kujifunza, na krediti moja ni saa 10. Uganda huhesabu saa za darasani, na krediti moja ni saa 15 katika muhula. Nchini Kenya, vyuo vingi vimezoea kuhesabu yuniti, na yuniti moja ni sawa na mihadhara 45 ya saa moja moja. Kwa hiyo kozi ileile ya takwimu inaweza kuandikwa krediti 12 Dar es Salaam, krediti 4 Kampala, na yuniti 1 Nairobi. Anayetazama namba peke yake atadhani mwanafunzi wa Dar es Salaam amesoma mara tatu ya mwenzake wa Kampala, kumbe wamekaa darasani karibu muda uleule.

3. Mwaka mmoja wa masomo una krediti ngapi katika kila mfumo?

Mfumo wa Ulaya, unaojulikana kwa kifupi chake ECTS, unaupa mwaka mzima wa masomo krediti 60, na mwaka huo unakadiriwa kuwa na saa 1,500 hadi 1,800 za kujifunza. Kwa hiyo krediti moja ya ECTS ni saa 25 hadi 30. Austria hutumia 25, Ujerumani kwa kawaida 30. Uingereza ina mfumo wake, CATS, wenye krediti 120 kwa mwaka na saa 10 kwa kila krediti, sawa kabisa na Tanzania na Rwanda. Marekani huhesabu krediti 30 za muhula kwa mwaka, na shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120.

Uganda na Kenya hazina namba moja ya mwaka inayofaa kwa kila programu. Jumla ya mwaka hutegemea programu yenyewe, na ni lazima isomwe kwenye mwongozo wa programu. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana (tazama maswali ya 7 na 8).

## Njia za kubadilisha

4. Ni hesabu gani hutumika?

Ziko mbili. Ya kwanza inatazama saa: unatafuta jumla ya saa za kujifunza katika kozi, kisha unagawanya kwa saa za krediti moja ya mfumo unaokwenda. Ya pili inatazama sehemu ya mwaka: unauliza kozi hii ni sehemu gani ya kazi ya mwaka mzima kule ilikosomwa, kisha unachukua sehemu hiyohiyo ya mwaka wa kule unakokwenda.

```
kwa saa:    krediti mpya = saa za kujifunza / saa za krediti moja mpya
kwa mwaka:  krediti mpya = (krediti za kozi / krediti za mwaka) x krediti za mwaka mpya
```

5. Mbona njia hizo mbili hazitoi jibu moja?

Kwa sababu mwaka wa masomo haukuandikiwa saa sawa kila mahali. Chukua kozi ya Tanzania yenye krediti 12. Kwa njia ya saa, hizo ni saa 120. Ukigawanya kwa 25 unapata ECTS 4.8, na ukigawanya kwa 30 unapata 4. Kwa njia ya mwaka, kozi hiyo ni 12 kati ya 120, yaani sehemu ya kumi ya mwaka, na sehemu ya kumi ya 60 ni 6. Kozi moja, majibu matatu: 4, 4.8 na 6.

Chanzo ni hiki: mwaka wa Tanzania kwenye karatasi una saa 1,200 (krediti 120 mara saa 10), na mwaka wa Ulaya una angalau saa 1,500. Saa hizi ni za makadirio; hakuna aliyekaa na saa ya ukutani kuzihesabu. Zinaonyesha namna kila nchi ilivyoamua kuandika mwaka wake, si lazima jasho ambalo mwanafunzi amelitoa.

Njia ya kutambua kwamba hesabu ya saa imetumiwa mahali isipofaa ni kuifanya juu ya shahada nzima. Shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360 ni saa 3,600. Ukigawanya kwa 30 unapata ECTS 120, sawa na miaka miwili ya Ulaya. Hapo mwanafunzi amenyang'anywa mwaka mzima na kalkuleta. Waingereza wana tatizo hilihili, kwa kuwa mwaka wao nao ni krediti 120 za saa 10, lakini utaratibu uliokubalika ni kwamba krediti 2 za CATS ni sawa na ECTS 1. Uwiano huo umetoka kwenye mwaka, haukutoka kwenye saa. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya msingi ya krediti ya Tanzania au Rwanda, iliyojengwa kwa vipimo vilevile, kupimwa kwa namna nyingine.

6. Je, tofauti hiyo inaweza kumkosesha mtu nafasi?

Ndiyo, na mfano ufuatao unaonyesha jinsi inavyotokea. Mwombaji ana shahada ya miaka mitatu ya Tanzania yenye krediti 360, na anaomba uzamili Ujerumani. Sharti la programu ni shahada ya ECTS 180, ambamo angalau 30 ziwe za hisabati. Kwenye transkripti yake kuna kozi tano za hisabati, kila moja krediti 12, jumla 60.

Kwa njia ya mwaka, krediti 60 zinakuwa ECTS 30, na shahada nzima inakuwa 180. Ametimiza masharti yote mawili, ingawa la hisabati amelitimiza bila akiba yoyote. Kwa njia ya saa, akigawanya kwa 30, hisabati yake inakuwa ECTS 20. Anaonekana amepungukiwa na theluthi ya sharti, ilhali hakuna kilichobadilika kwenye masomo yake.

Kosa linalojirudia ni mwombaji kujaza fomu kwa kuchanganya njia hizo mbili: jumla ya shahada anaiandika 180 kwa njia ya mwaka, kisha kozi mojamoja anazibadilisha kwa saa. Mtathmini akijumlisha kozi zote anapata 120, hailingani na 180 iliyoandikwa juu, na fomu inatiliwa shaka. Kagua jumla kabla ya kutuma. Kozi zako zote zikijumlishwa lazima zifike kwenye namba ya shahada nzima. Zisipofika, kuna mahali umebadilisha njia katikati ya safari.

Chuo kikieleza chenyewe njia inayotakiwa, fuata hiyo hata kama haikupendelei, na kama inakupunja toa maelezo kwa barua (tazama swali la 11).

## Nchi kwa nchi

7. Nimesoma Uganda. Krediti zangu nizibadilishe vipi?

Anza na jumla ya krediti za programu yako kwa mwaka. Tuseme programu ina krediti 108 kwa miaka mitatu, wastani wa 36 kwa mwaka. Kozi ya krediti 4 ni sehemu 4 kati ya 36, ambayo ni ECTS 6.7 ukikadiria kwa desimali moja, au krediti 13.3 za Tanzania.

Usizidishe 4 kwa 15, ukapata saa 60, kisha ukagawanya kwa 25 au 30. Saa 60 hizo ni za darasani tu, na ECTS huhesabu saa zote za kujifunza. Aliyefanya hivyo huishia na ECTS 2 hadi 2.4 kwa kozi iliyostahili zaidi ya 6, kwa kuwa ameutupa muda wote wa kujisomea.

Kuna jambo la pili linalofichwa na namba hiyo ya 60. Nchini Uganda saa moja ya mhadhara huhesabiwa saa moja, lakini saa mbili za maabara au semina huhesabiwa kuwa saa moja ya darasani. Kozi ya krediti 4 yaweza kuwa na saa 45 za mihadhara na saa 30 za maabara. Thelathini za maabara zinahesabiwa 15, na 45 kuongeza 15 ni 60. Lakini mwanafunzi amekuwapo darasani na maabara kwa saa 75. Mtathmini anayetaka saa apewe hizo 75 zilizotumika kweli, zikifuatiwa na makadirio ya muda wa kujisomea. Kwa wanafunzi wa sayansi na uhandisi, upungufu unaotokana na jambo hili hujirudia kozi baada ya kozi.

8. Nimesoma Kenya, na transkripti yangu ina yuniti tu, haina krediti. Nifanyeje?

Hesabu yuniti za mwaka mmoja kwenye programu yako. Zikiwa 12 zenye uzito sawa, kila moja ni sehemu ya kumi na mbili ya mwaka: ECTS 5, au krediti 10 za Tanzania. Zikiwa 14, kila moja inashuka hadi ECTS 4.3. Ndiyo maana jedwali la rafiki yako wa chuo kingine halitakufaa, hata kama mlisoma kozi yenye jina moja.

Nchini Kenya nako kanuni za vyuo huhesabu saa mbili za semina au saa tatu za maabara kuwa sawa na mhadhara wa saa moja. Yuniti yenye mihadhara 30 na maabara saa 45 imetimiza 45 zake kwa hesabu ya 30 kuongeza 15, lakini muda halisi ni saa 75. Yaliyosemwa katika swali la 7 yanahusu hapa pia.

Shahada ya Kenya ya miaka minne, kwa njia ya mwaka, ni ECTS 240. Kwa waombaji wa uzamili Ulaya hiyo ni akiba nzuri.

9. Na waliosoma Burundi au Kongo?

Waliosoma chini ya mfumo wa shahada, uzamili na uzamivu uliofuata mtindo wa Ulaya wana krediti 60 kwa mwaka, hivyo kwa njia ya mwaka krediti yao moja ni ECTS moja. Kwa transkripti za zamani za Kongo zinazoonyesha saa za nadharia na za vitendo badala ya krediti, jumlisha saa zote za mwaka, kisha tafuta kila kozi ni sehemu gani ya jumla hiyo na uizidishe kwa 60.

10. Marekani wanahesabu vipi?

Krediti moja ya muhula Marekani inatokana na saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kujisomea kwa wiki, kwa takriban wiki 15. Hiyo ni saa 45 kwa krediti, na kozi ya kawaida ya krediti 3 ni saa 135. Saa ya darasani mara nyingi ni dakika 50.

Kwa njia ya mwaka, krediti 120 za Tanzania ni 30 za Marekani, hivyo unagawanya kwa 4: kozi ya krediti 12 inakuwa 3. ECTS hugawanywa kwa 2. Yuniti ya Kenya yenye saa 45 za darasani inafanana kwa umbo na kozi ya krediti 3, lakini mwenye yuniti 12 kwa mwaka angepata 36, na watathmini wengi hawapendi kuvuka 30 kwa mwaka wa kawaida. Usishangae ukipewa 2.5.

Angalia pia kama chuo unachokwenda kinatumia mihula au robo za mwaka. Krediti ya robo ni theluthi mbili ya krediti ya muhula, na shahada katika mfumo huo ni krediti 180. Mtu akisoma namba hiyo haraka anaweza kuidhania ECTS.

Mwenye shahada ya miaka mitatu hupata krediti 90 kwa hesabu hii, pungufu ya 120. Hapo hesabu haina msaada zaidi. Baadhi ya vyuo vya uzamili huipokea shahada ya miaka mitatu na vingine haviipokei, na uamuzi huo ni wa kisera. Uliza kabla ya kulipa ada ya maombi.

## Nyaraka na uamuzi

11. Niombe karatasi gani chuoni kwangu?

Transkripti peke yake haitoshi, kwa sababu transkripti nyingi huonyesha namba bila kueleza maana yake. Omba kwa msajili barua fupi yenye mambo matatu: krediti au yuniti moja ina saa ngapi na ni saa za aina gani, mwaka kamili wa masomo una krediti ngapi, na programu nzima ina ngapi. Sentensi moja kama "krediti 120 ni mzigo kamili wa mwaka mmoja wa masomo" ndiyo inayomwezesha mtathmini kutumia njia ya mwaka. Omba pia maelezo ya kila kozi yanayotenganisha saa za mihadhara, semina, maabara na kujisomea.

Chukua maelezo ya kozi ya mwaka uliosoma wewe. Nimewahi kuona ombi la mhitimu likirudishwa kwa sababu idara ilimpa mtaala mpya, ambamo kozi yake ilikuwa imepunguzwa kutoka krediti 12 hadi 8; transkripti ikasema moja, maelezo yakasema jingine.

12. Nani mwenye uamuzi wa mwisho?

Chuo kinachopokea. Hesabu yako ni pendekezo lenye ushahidi. Ujerumani, vyuo vingi hutumia uni-assist kukagua nyaraka za waombaji wa nje kwanza, lakini kama kozi zako zinatimiza sharti la programu huamuliwa na chuo chenyewe. Kwa wanaohama vyuo ndani ya Afrika Mashariki hali ni hiyohiyo: kulingana kwa krediti hakumlazimishi mtu kukubali kozi ambayo maudhui yake ni tofauti.

## Hali zisizo za kawaida

13. Je, GPA nayo hubadilishwa kwa njia hizi?

Hapana. Alama hubadilishwa kwa kulinganisha ufaulu wa juu kabisa na wa chini kabisa wa mifumo miwili. Krediti huingia pale tu unapotafuta wastani, kama uzito wa kila kozi. Katika hesabu hiyo tumia krediti za awali; ukitumia zilizokwisha kukadiriwa, wastani unaweza kusogea.

14. Nikadirie desimali wakati gani?

Mwishoni, mara moja. Tuseme una kozi sita za krediti 9 kila moja. Kila moja ni ECTS 4.5, na jumla ni 27. Ukizikadiria mojamoja kwenda juu unapata 30. Ukizikadiria kwenda chini unapata 24. Anayekadiria juu anaonekana anatia chumvi, na anayekadiria chini anajipunja mwenyewe. Fomu ikikataa desimali, andika maelezo pembeni yanayoonyesha jumla halisi.

15. Mwaka mmoja nilisoma krediti 132 badala ya 120. Nigawanye kwa ipi?

Kwa mfumo wenye mwaka rasmi wa krediti 120, gawanya kwa 120. Kozi ya krediti 12 haipungui thamani kwa sababu ulichukua nyingine ya ziada. Mwaka wako utakuwa na ECTS 66, na mtathmini anaweza kuzikubali zote au akasimama kwenye 60. Kwa Uganda na Kenya, gawanya kwa jumla iliyopangwa na programu kwa mwaka ule. Kozi ulizojiongezea zisiingie kwenye kigawanyo.

16. Mafunzo ya vitendo kazini yanahesabiwaje?

Hapa namba ya krediti na muda halisi huachana zaidi kuliko popote. Wiki 8 za saa 40 ni saa 320, lakini programu inaweza kuzipa krediti 10 tu, au isizipe kabisa. Kinachobadilishwa ni krediti zilizotolewa: 10 zinakuwa ECTS 5. Saa zilizobaki zitaje kama uzoefu wa kazi, ukiambatanisha logibuku iliyosainiwa.

17. Nilikwenda Ulaya kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Nikirudi, krediti zangu zinaingiaje?

Kinyume chake: zidisha kwa 2. Muhula kamili wa ECTS 30 unakuwa krediti 60 za Tanzania. Tatizo hujitokeza kwenye kozi mojamoja. Kozi nyingi za Ulaya ni ECTS 5, ambazo ni krediti 10, ilhali kozi ya lazima uliyoikosa nyumbani ni ya krediti 12. Baadhi ya idara hudai krediti 2 zilizobaki kana kwamba ni deni. Suluhisho ni mkataba wa masomo uliosainiwa na vyuo vyote viwili kabla ya kuondoka, ukilinganisha muhula mzima kwa muhula mzima na kutaja kozi ipi inachukua nafasi ya ipi. Ukiusaini baada ya kurudi, utajadili kila krediti peke yake.